Mwasho wa Sikio Unavyozaa Jipu

Watu hukuna masikio kwa chochote kilicho karibu: ufunguo wa gari, njiti ya kiberiti, pini ya nywele, kifuniko cha kalamu, na kwa wengi waliokulia kijijini, unyoya wa kuku. Kwa dakika moja au mbili raha yake haina mfano. Kisha mwasho unarudi, tena mkali kuliko ulivyokuwa. Siku nyingine ncha ya kifaa hutoka na maganda meupe ya ngozi, siku nyingine hutoka na majimaji yenye damu. Halafu inafika asubuhi ambayo mtu anaamka hawezi kutafuna hata kipande cha mkate, kwa sababu ndani ya tundu la sikio kumeota jipu.

Vitabu vya tiba vinaeleza jipu la sikio na pumu ya ngozi ya sikio, ambayo wengine huiita ukurutu, kuwa ni magonjwa mawili, na kweli ni mawili. La kwanza huletwa na bakteria. La pili ni ngozi yenyewe kuvurugika, ikakauka, ikawasha na kubanduka. Lakini katika masikio ya wagonjwa wengi magonjwa hayo hufuatana: ngozi inawasha, mtu anakuna, ngozi inachanika, bakteria wanapenya, jipu linaota. Anayetibiwa jipu pekee hupata nafuu kwa wiki kadhaa, kisha hurudi kituo cha afya na jipu jingine, huku chanzo chake kikiwa hakijaguswa.

Ngozi inayosafiri

Mfereji wa sikio la mtu mzima, kuanzia tunduni hadi kwenye ngoma ya sikio, una urefu wa takriban sentimita 2.5, na haukunyooka. Theluthi yake ya nje imezungukwa na gegedu, ile tishu ngumu inayopindika ambayo pia huunda umbo la sikio la nje. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa wa fuvu. Ngozi ya sehemu hizo mbili haifanani. Ile ya nje ni nene kiasi, ina vinyweleo, tezi za mafuta na tezi zinazotengeneza nta. Ile ya ndani ni nyembamba mno, haina unywele wala tezi, na imelala moja kwa moja juu ya mfupa.

Tofauti hiyo inaeleza mengi. Jipu huanzia kwenye shina la unywele, hivyo jipu la sikio huota katika theluthi ya nje tu, karibu na mlango. Mtaalamu akiona uvimbe ndani zaidi, kwenye sehemu ya mfupa, anajua kwamba hilo si jipu la kawaida na lazima atafute sababu nyingine.

Jambo la pili lisilojulikana na wengi ni kwamba ngozi ya sikio husafiri. Mwili mzima huvua ngozi yake kuukuu, lakini mahali pengine inapukutika papo hapo ilipo. Ndani ya sikio isingekuwa na pa kwenda. Kwa hiyo tabaka lake la juu huanza safari kwenye ngoma ya sikio, likasogea taratibu kuelekea nje, takriban kwa mwendo wa ukucha unavyokua, likibeba vumbi na nta kuukuu hadi mlangoni. Kutafuna na kuzungumza, kwa kutikisa kuta za mfereji, husaidia mzigo huo kutoka.

Na ile nta ambayo wengi huiita uchafu ina kazi. Ina mafuta yanayozuia maji kulowanisha ngozi, na ina asidi kidogo inayowafanya bakteria na fangasi wasistawi. Sikio lililochokonolewa kila siku mpaka likakosa nta huwa kavu, hupasuka kwa urahisi na huwasha zaidi.

Vijiti vya pamba vilitokana na nia njema. Mwaka 1923, Leo Gerstenzang wa Marekani alianza kutengeneza vijiti hivyo kwa ajili ya watoto wachanga, na miaka michache baadaye vikapata jina la kibiashara la Q-tips. Leo pakiti za vijiti vya namna hiyo hubeba onyo kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio. Sababu ni kwamba kijiti hufuta nta ya mlangoni, husukuma iliyobaki kuelekea kwenye ngoma, na hukwangua ngozi njiani. Baadhi ya watu huanza kukohoa sikio linapochokonolewa. Hutokea hivyo kwa kuwa tawi dogo la neva inayohudumia pia koo na mapafu hupita kwenye ngozi ya mfereji huo.

Kinachowasha

Pumu ya ngozi ya sikio huanza kwa mwasho, mara nyingi katika masikio yote mawili. Ngozi ya mlangoni hukauka, maganda membamba huanza kubanduka, na wakati mwingine majimaji meupe hutoka na kukauka yakawa magaga ya manjano. Maganda yakijaa ndani, mtu huhisi sikio limeziba. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu, lakini maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Kinachoonekana zaidi ni ngozi iliyopauka au iliyoingia kijivu, inayong'aa pale ilipovimba, na ambayo ikikunwa kwa muda mrefu huwa nene na kubaki na weusi uliozidi wa ngozi ya jirani.

Sababu zake si moja, na tiba hutegemea sababu. Kuna wenye mba. Hawa huwa na maganda kichwani, nyuma ya masikio, kwenye nyusi na pembeni mwa pua, na sikio ni kituo kimoja tu kati ya hivyo. Mba unahusiana na fangasi mdogo aitwaye Malasezia, ambaye huishi kwenye ngozi ya watu wote lakini kwa baadhi yao huichokoza. Kuna waliozaliwa na ngozi kavu yenye kuwasha, mara nyingi kutoka familia zenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Na kuna ambao ngozi yao imekikataa kitu fulani: hereni zenye nikeli, rangi ya nywele, shampuu, plastiki ya kifaa cha kusaidia kusikia, au dawa ya matone yenyewe.

Hilo la mwisho linahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo. Matone mengi ya masikio yana neomaisini, antibiotiki ya siku nyingi na ya bei nafuu. Ni miongoni mwa dawa za kupaka zinazojulikana sana kwa kusababisha mzio wa ngozi. Mgonjwa hutiwa matone, akapata nafuu siku chache za kwanza, kisha mwasho ukaongezeka. Naye, akidhani dawa haijatosha, huongeza matone. Alama ya kumstua mtaalamu ni mahali ulipoenea mwasho: ngozi inachubuka na kutoa majimaji si ndani ya sikio tu, bali pia kwenye bakuli la sikio, kwenye ndewe na shingoni, yaani kila mahali matone yalipochuruzika.

Fangasi wa sikio nao huleta mwasho mkali, hasa katika maeneo yenye joto na unyevu kama mwambao wa Afrika Mashariki. Lakini hao huacha alama zao. Mtaalamu akichungulia huona utando uliojaa mfereji, mweupe au wa kijivu, na mara nyingine wenye vidoa vyeusi. Tiba yake ni kusafisha utando huo na kutia dawa ya fangasi kama klotrimazoli. Antibiotiki haiwasaidii hata kidogo, na ikitumika muda mrefu huwapa fangasi nafasi ya kustawi.

Dereva na ufunguo wake

Tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye watoa huduma wa kliniki za masikio, pua na koo watamtambua mara moja, kwa kuwa wa aina yake ni wengi. Ni dereva wa daladala Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 40 hivi. Ana mba wa kichwani kwa miaka mingi na hajawahi kuuhesabu kuwa ugonjwa. Sikio la kulia linamwasha, hasa jioni baada ya joto na vumbi la mchana. Kila gari linaposimama kituoni huchomoa ufunguo wa nyumba mfukoni na kukuna.

Mwasho ulipozidi alikwenda duka la dawa, akauziwa matone yenye neomaisini na steroidi. Kwa siku tatu alilala vizuri. Mwishoni mwa wiki ya pili sikio likaanza kutoa majimaji, na ngozi ya ndewe ikachubuka. Akanunua chupa ya pili, akazidisha matone, na kuendelea kukuna. Wiki ya tatu maumivu yakaanza ghafla usiku. Kufikia asubuhi hakuweza kulalia upande wa kulia wala kufungua kinywa vizuri.

Kituoni, swali la kwanza la tabibu ni fupi: "Kaka, lilianza kuwasha au lilianza kuuma?" Jibu lake linagawa njia. Sikio lililoanza kuuma baada ya mafua, likiambatana na homa na kupungua kwa usikivu, humfanya tabibu afikirie ugonjwa wa sikio la kati, nyuma ya ngoma. Sikio lililowasha kwa wiki kadhaa kabla ya kuuma linaelekeza kwenye ngozi ya mfereji.

Kisha tabibu anabonyeza kwa kidole kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, na baadaye anavuta sikio taratibu kwenda juu. Dereva anaruka kwa maumivu. Kipimo hicho hakihitaji mashine yoyote na kinasema mengi. Maumivu ya sikio la kati kwa kawaida hayaongezeki kwa kuvuta sikio, ila ngozi ya mfereji iliyovimba haivumilii kuguswa. Kutafuna nako kunauma, maana kiungo cha taya kimepakana na ukuta wa mbele wa mfereji.

Anapochungulia kwa kifaa chenye taa, anaona uvimbe mmoja wa duara karibu na mlango, kwenye ukuta wa mbele, umeziba zaidi ya nusu ya tundu. Ngoma ya sikio haionekani. Kuna maganda mengi, na nta hakuna kabisa. Mbele ya sikio kuna tezi iliyovimba. Usaha haujatoka bado. Ungekuwa umetoka, angeutazama kwa makini: usaha wa jipu ni kidogo, mzito, mara nyingine wenye damu. Ute unaovutika ukitoka sikioni ni dalili kwamba ngoma imetoboka na ugonjwa unatoka ndani, kwa sababu ngozi ya mfereji haina tezi za kutengeneza ute.

Mwisho anampima sukari kabla hajala. Kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikithibitishwa kwa kipimo cha pili, kinamaanisha kisukari. Cha dereva ni 5.2. Kipimo hiki kwa mwenye jipu la sikio si cha ziada. Majipu yanayojirudia ni moja ya njia ambazo kisukari kisichojulikana hujitambulisha.

Jipu likiwa bichi, jipu likiwa limeiva

Bakteria anayehusika karibu kila mara ni Stafilokokasi aureusi, ambaye watu wengi wenye afya njema humbeba puani bila madhara. Kidole kinachotoka puani kwenda sikioni kinamsafirisha. Akipata mchubuko kwenye shina la unywele huzaliana, mwili hujibu kwa kupeleka chembe hai nyeupe, na usaha hukusanyika.

Wagonjwa hushangaa jinsi kitu kidogo kama punje ya dengu kinavyoweza kumlaza mtu mzima. Sababu ni ufinyu. Jipu la mgongoni lina nyama laini ya kutanukia. La sikioni limebanwa kati ya ngozi na gegedu ambazo zimeshikamana, likavimba kama mguu ndani ya kiatu kisichotosha. Shinikizo hilo ndilo linalouma, na ndilo linaloeleza kwa nini maumivu hutoweka ndani ya saa chache tu mara jipu linapopasuka.

Tiba ya kwanza basi ni ya maumivu. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini hupewa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni huongezwa kwa asiye na vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo. Kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto, kikakamuliwa na kuachwa kipoe hadi kuwa cha uvuguvugu, huwekwa juu ya sikio kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Joto hilo hupunguza maumivu na kuharakisha kuiva.

Matone ya antibiotiki hayalisaidii sana jipu, maana usaha uko chini ya ngozi na matone yanapita juu yake. Jipu dogo linaweza kupona bila antibiotiki yoyote. Lakini likiwa na uvimbe uliosambaa, homa au tezi zilizovimba kama ilivyo kwa dereva huyu, hutolewa antibiotiki ya kumeza inayomweza Stafilokokasi, kwa mfano flukloksasilini miligramu 500 mara nne kwa siku kwa siku 5 hadi 7, tumbo likiwa tupu. Asiyepatana na penisilini hatakiwi kuitumia, na ni wajibu wake kusema mapema ili apewe dawa ya jamii nyingine.

Mfereji uliovimba hadi kuziba huwekewa utambi. Ni ukanda mwembamba wa shashi uliolowekwa kwenye iktamoli asilimia 10 iliyochanganywa na gliserini, dawa nyeusi yenye harufu ya lami. Gliserini hunyonya maji kutoka kwenye ngozi iliyovimba, uvimbe ukapungua na maumivu yakashuka. Utambi hubadilishwa kila siku moja au mbili na mtu anayejua kazi hiyo. Mgonjwa mwenyewe hapaswi kuusukuma wala kuuvuta.

Na kupasua? Jipu bichi halipasuliwi. Likionesha kichwa cheupe, mtaalamu anaweza kulitoboa kwa sindano au ncha ya kisu kidogo baada ya ganzi. Kukata mapema au kwa kina humpeleka bakteria kwenye gegedu. Gegedu haina mishipa yake ya damu, hivyo ikiambukizwa hufa kwa urahisi na sikio hubaki limekunjamana maisha yote. Hiyo ndiyo hatari ya kuliminya jipu nyumbani au kulitoboa kwa pini.

Dereva alipewa flukloksasilini kwa siku 7, dawa za maumivu na utambi uliobadilishwa kila siku. Matone yake aliambiwa ayatupe. Siku ya tatu jipu lilipasuka lenyewe alfajiri, akapata usingizi wake wa kwanza wa wiki ile. Kwa wagonjwa wengi safari huishia hapo, ndiyo maana wengi wao hurudi.

Kazi inayobaki baada ya usaha

Siku ya saba tabibu alilichungulia sikio tena. Uvimbe ulikuwa umekwisha na ngoma ilionekana, nzima. Maganda na ukavu vilikuwa vile vile. Sasa ndipo ilipoanza tiba ya kilicholeta jipu.

Hatua ya kwanza ni kusafisha, na inafanywa kliniki. Maganda huondolewa kwa mashine ndogo ya kufyonza au kwa pamba kavu iliyozungushiwa kwenye kijiti cha chuma, mtaalamu akitazama anachokifanya kwa taa. Bila hivyo dawa huishia juu ya maganda. Kulipiga sikio bomba la maji wakati ngozi imechubuka hakufai, kwa sababu maji yanayobaki ndani huilowesha ngozi na kuwakaribisha bakteria na fangasi.

Hatua ya pili ni kuituliza ngozi. Steroidi ya matone au ya kupaka, kama hidrokotizoni kwa mwasho mdogo au betamethasoni kwa mkali, huvunja ule mzunguko wa kuwasha na kukuna. Hutumika kwa siku 7 hadi 14, kisha husimamishwa. Ikitumiwa kwa miezi, ngozi huwa nyembamba zaidi na fangasi hupata makazi. Mgonjwa aliyewahi kupata mzio wa neomaisini lazima asome maandishi ya kila chupa, maana dawa hiyo huchanganywa na steroidi katika matone mengi na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo.

Hatua ya tatu ni kukifuata chanzo. Kwa dereva, chanzo ni mba. Alipewa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, aoshe nywele mara mbili kwa wiki kwa wiki 4, akiacha povu likae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza, na alipitishe pia nyuma ya masikio. Mwenye mzio wa hereni angeambiwa aache zenye nikeli. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia angeshauriwa kukivua usiku, kukisafisha na, ikibidi, kubadilishiwa plastiki yake. Kwa mwenye majipu yanayojirudia bila kisukari, daktari anaweza kutibu pua: marashi ya mupirosini yanayopakwa ndani ya matundu ya pua mara mbili kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kwa sabuni ya dawa, ili kumpunguza bakteria pale anapoishi.

Hatua ya nne ni kuzuia maji na vidole. Wakati wa kuoga, kipande cha pamba kilichopakwa vaselini huwekwa mlangoni mwa sikio na kutolewa mara baada ya kuoga. Maji yakiingia, mtu huinamisha kichwa upande huo, akavuta sikio kidogo na kuyaacha yatoke. Ngozi kavu isiyo na kidonda, katika sikio ambalo ngoma yake imehakikishwa kuwa nzima, inaweza kulainishwa kwa matone mawili ya mafuta ya zeituni mara moja au mbili kwa wiki. Mafuta ya taa, maji ya kitunguu, mkojo na maziwa ya mama havina kazi humo. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na maziwa ni chakula cha vimelea.

Pumu ya ngozi ni ugonjwa wa kurudi. Hata ikitibiwa vizuri, mwasho unaweza kuamka tena kwa joto, jasho au baada ya mafua. Tofauti ni kwamba anayejua chanzo chake huituliza mapema kwa dawa ya wiki moja badala ya kungoja jipu.

Namna ya kutia matone

Matone mengi hayafanyi kazi kwa sababu hayafiki. Chupa ishikwe kiganjani kwa dakika chache hadi ipate joto la mwili. Matone ya baridi huleta kizunguzungu, jambo lililochunguzwa na daktari Robert Bárány huko Vienna mwanzoni mwa karne ya 20: aliona kwamba wagonjwa waliooshwa masikio kwa maji ya baridi au ya moto kupita kiasi walipata kizunguzungu, akatambua kuwa joto la maji lilikuwa likisukuma majimaji ya kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio. Kazi yake kuhusu kiungo hicho ilimpa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914.

Mgonjwa alale ubavu, sikio bovu likiwa juu. Kwa mtu mzima, sikio huvutwa juu na nyuma ili kunyoosha mfereji. Kwa mtoto mchanga huvutwa chini na nyuma. Matone yakishaingia, kile kinundu cha mbele kibonyezwe taratibu mara kadhaa ili kuyasukuma ndani, na mgonjwa abaki amelala kwa dakika 3 hadi 5. Matone yenye neomaisini au jentamaisini hayatiwi bila ushauri wa daktari kwenye sikio ambalo ngoma yake imetoboka, kwani yanaweza kupenya hadi sikio la ndani na kudhuru usikivu.

Maumivu yasiyo ya jipu

Kuna hali moja inayoanza kwa sura ya kawaida na inayoweza kuua. Humpata zaidi mzee mwenye kisukari, au mtu ambaye kinga yake imeshuka. Bakteria wake kwa kawaida ni Sudomonasi, naye haishii kwenye ngozi: hupenya mahali gegedu inapokutana na mfupa, akala mfupa wa chini ya fuvu. Mwaka 1968 daktari James Chandler wa Marekani alieleza wagonjwa wa namna hiyo, na nyakati zile vifo vilikuwa vingi.

Dalili zake hutofautiana na za jipu. Maumivu ni ya ndani kabisa, huzidi usiku na kumwamsha mtu, na hayalingani na kidogo kinachoonekana sikioni. Usaha hautoki mara moja ukaisha, bali huendelea kwa wiki. Daktari akichungulia huona kinyama chekundu kimeota kwenye sakafu ya mfereji. Uso ukianza kupinda upande mmoja, au jicho likashindwa kufumba, ugonjwa umefika kwenye neva.

Mgonjwa huyo hatakiwi kungoja kituo cha afya kimbadilishie matone. Anahitaji hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, picha ya mfupa, sukari kudhibitiwa, na antibiotiki inayommudu Sudomonasi, kama siprofloksasini, kwa muda usiopungua wiki 6. Kinyama kile hukatwa kipande kidogo na kupelekwa maabara, kwa sababu saratani ya mfereji wa sikio, ingawa ni nadra, inaweza kuwa na sura hiyo hiyo. Na kwa mwenye kisukari, maumivu ya sikio yaliyopita wiki moja bila kupungua licha ya tiba yanatosha kuwa sababu ya kupewa rufaa, hata kabla ya dalili nyingine yoyote kujitokeza.